Kulanti nzito uichanganye na maji gani?

Kabla hujafungua kopo la kulanti nzito, ile ya kuchanganywa mwenyewe, chungulia ndani ya birika lako la jikoni. Ukikuta utando mweupe umeganda chini na ukiukwangua unatoka kama unga wa chaki, maji yako ni magumu. Hayo hayo ukiyatia kwenye rejeta, utando huo utaota ndani ya injini, mahali usipoweza kuukwangua.

Visima vya Unguja, Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji yakipita humo huyeyusha kalsiamu na kuibeba bila kuonekana: glasi ni safi, huoni kitu. Yakipata moto, gesi ya kaboni dayoksaidi inaondoka na kalsiamu inabaki bila cha kuishikilia, ikaganda kuwa chokaa tena. Huganda kwanza kwenye chuma chenye moto mkali kuliko vyote, na ndani ya injini hapo si kwenye rejeta. Ni kwenye silinda hedi, kuzunguka valvu za kutolea moshi. Kwa hiyo rejeta inaweza kuonekana safi ukiichungulia mdomoni na hedi tayari ina ganda. Chokaa hupitisha joto vibaya sana, zaidi ya mara hamsini kuliko aluminiamu, na ganda jembamba tu linatosha kuifanya hedi ipate moto kupita kiasi huku geji ya dashibodi imetulia katikati. Geji inasoma joto la maji pale sensa ilipo, haisomi joto la chuma chenyewe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa wengi hukosea kwa pande zote mbili. Chukua gari dogo ambalo mfumo wake mzima unabeba lita 6, kulanti nusu na maji nusu. Maji ni lita 3. Yakiwa na ugumu wa miligramu 300 kwa lita, chokaa yote iliyomo haifiki hata gramu moja. Kwa kujaza mara moja, gari halifi. Lakini gari hilo likiwa linapoteza nusu lita kila wiki na dereva anaongeza ya bomba, kwa mwaka ameingiza lita 26, yaani karibu gramu 8 za chokaa. Kama maji yanapotea kwa mvuke kupitia mfuniko uliochoka, madini yote yanabaki ndani, kwa sababu mvuke haubebi chokaa. Injini huzibwa na huku kuongeza kidogo kidogo. Anayejaza maji ya betri, yaani yaliyotoneshwa yasiyo na madini, siku ya sevisi, kisha mwaka mzima akaongeza ya kisima, amejisumbua bure.

Kuna jambo la pili ambalo chokaa peke yake hailielezi. Kulanti nyingi za magari ya Kijapani hutumia fosfeti kulinda aluminiamu. Fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi huungana nayo na kuzama chini kama tope jeupe. Hapo umepata hasara mara mbili: uchafu umeongezeka, na dawa ya kuzuia kutu uliyoinunua imepungua. Kulijaribu hili ni rahisi. Changanya kulanti yako na maji unayotaka kutumia, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo, uiache hadi kesho yake. Ikipata ukungu au mashapo, maji hayo usiyatumie na kulanti hiyo.

Kiwango cha Marekani cha kulanti, ASTM D3306, kinapendekeza maji ya kuchanganyia yasizidi ugumu wa miligramu 170 kwa lita na kloraidi miligramu 40. Kloraidi ndiyo chumvi inayotoboa aluminiamu vitundu, na visima vya karibu na bahari huwa nayo kwa wingi. Kuyachemsha maji hakusaidii hapo: chokaa kiasi itaganda sufuriani, chumvi itabaki yote. Usidhani kwamba maji ya kunywa ya chupa yametoneshwa. Soma lebo, kwani nyingine huandika kalsiamu na kloraidi. Maji ya bomba ya Nairobi yanayotoka Bwawa la Ndakaini ni laini kuliko ya visima vya pwani, na ukikwama njiani hayatakudhuru. Bado lita 3 za maji ya betri ni rahisi mno kulinganisha na kufungua hedi. Ila dukani sema wazi unataka maji yaliyotoneshwa, si asidi ya betri. Chupa zake huweza kufanana, na asidi hiyo ikiingia kwenye injini itakula chuma.

Kazi yenyewe ina mtego mmoja. Injini ikiwa imepoa kabisa, ukifungua kizibo cha chini ya rejeta hutoka karibu nusu tu. Kinachobaki kimejificha kwenye bloku na hita. Tuseme kwenye gari letu la lita 6 zimetoka lita 3.2. Ukisuuza kwa maji ya bomba mpaka yatoke safi, lita 2.8 za maji ya bomba bado zimo ndani. Kwa hiyo suuza mara mbili za mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, ukiwasha injini mpaka themostati ifunguke, kisha uache ipoe kabla ya kumwaga tena.

Sasa ndani kuna lita 2.8 za maji matupu. Ukimimina mchanganyiko wa nusu kwa nusu hadi ujae, kulanti halisi iliyoingia ni lita 1.6, sawa na asilimia 27 ya mfumo, chini ya theluthi ambayo ulinzi wa kutu unaihitaji. Njia sahihi ni kumimina kwanza lita 3 kamili za kulanti nzito, bila kuichanganya, kisha kumalizia na maji yaliyotoneshwa, kama lita 0.2. Hapo umepata nusu kwa nusu. Ujazo wa gari lako upo kwenye kitabu chake. Kopo likionyesha kwamba kulanti imeshachanganywa tayari, usiiongezee maji hata kidogo, na pia usitegemee njia hii ya lita 3.

Kama unashuku chokaa imeshaganda, toa themostati uitazame. Kwangua ukoko kidogo, uudondoshee ndimu. Ukitoa povu, ni chokaa, na asidi itaiyeyusha: ndimu ya unga gramu 25 kwa kila lita ya maji, injini ipate moto kwa dakika kama 20, iachwe ipoe, imwagwe, kisha isuuzwe mpaka isiwe na dalili ya uchachu. Usiiache ilale humo, maana inagusa aluminiamu pia. Na jua kwamba kwenye rejeta kuukuu chokaa inaweza kuwa ndiyo inayoziba tundu; ukiiondoa, itaanza kuvuja. Usipoona povu, huo ni kutu au mabaki ya kulanti zisizoelewana, na ndimu haitakusaidia sana.

Ukimaliza, tengeneza lita moja ya ziada, nusu kulanti nusu maji yaliyotoneshwa, uiandike kwa kalamu ya wino mzito na kuiweka kwenye buti. Kiwango kikishuka, ongeza hiyo. Kikishuka tena wiki inayofuata, tafuta panapovuja.