Gunia la mahindi la laki sita na themanini

Kuna kipindi kazi yangu ya kila Jumatatu ilikuwa kuwapigia simu wafanyabiashara tisa wa mahindi katika kila soko, kuwauliza bei ya gunia la kilo 100, na kuziingiza kwenye Excel. Wiki moja, kwenye soko moja, nilipata hizi, kwa maelfu ya shilingi:

62, 64, 66, 67, 68, 70, 71, 74, 680

Hiyo ya mwisho ilikuwa 68, kidole changu kikaongeza sifuri. Mnaiona kwa sababu zimepangwa na ni tisa tu. Mimi nilikuwa na masoko kumi na kitu, na nilikuwa nimeiamini kanuni niliyofundishwa: thamani iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu mitatu, itilie shaka. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi thamani zilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Kanuni ikasema soko hili halina tatizo. Ripoti ikaenda kwa bosi ikiwa na wastani wa shilingi 135,800 kwa gunia, na simu niliyopigiwa mchana ule sitaisimulia hapa.

Baadaye nilikaa na kalamu nione kwa nini. Ile 680 iliuvuta wastani hadi 135.8, ikautanua mkengeuko sanifu hadi 204. Ukitoa 135.8 kwenye 680 unabaki na 544, na 544 kwa 204 ni 2.67. Haifiki tatu. Mwizi ndiye aliyepewa rula ajipimie mwenyewe.

Kibaya zaidi, hata ningeandika milioni sita isingefika tatu. Ukiwa na thamani n, umbali mkubwa kabisa unaoweza kupatikana kwa kipimo hicho ni (n−1)/√n. Kwa tisa ni 8/3, yaani 2.67. Kwa data kumi au pungufu, kanuni ya mitatu haiwezi kumkamata yeyote, hata iweje. Hili sikuwahi kuambiwa darasani.

Siku hizi natumia mediani ya umbali kutoka kwenye mediani, ambayo kwenye programu utaikuta kwa jina la MAD. Hesabu yake haina uganga. Mediani ya bei zile, yaani ya katikati zikiwa zimepangwa, ni 68. Tafuta kila bei iko mbali kiasi gani na 68, bila kujali iko juu au chini, kisha zipange:

0, 1, 2, 2, 3, 4, 6, 6, 612

Ya katikati ni 3. Hiyo ndiyo MAD. Ile 612 imekaa pembeni na haina la kufanya. Ingekuwa 6,000 jibu lingebaki 3. Ili kuiharibu kabisa, karibu nusu ya bei zingepaswa kuwa mbovu.

Ukitaka kuilinganisha na mkengeuko sanifu, izidishe kwa 1.4826, kwa sababu kwenye data yenye umbo la kengele MAD huwa kama theluthi mbili tu ya mkengeuko sanifu. Tatu inakuwa 4.45. Sasa ukigawa umbali kwa hiyo 4.45, 680 iko mbali mara 137 na ushee, wakati 62 iko mbali mara 1.35 tu. Mimi hushtuka ikizidi 3.5.

Kwenye Excel:

```
=1.4826*MEDIAN(ABS(A2:A10-MEDIAN(A2:A10)))
```

Kwa matoleo ya zamani bonyeza Ctrl+Shift+Enter. Na msidanganyike na `AVEDEV`: hiyo huchukua wastani wa umbali kutoka kwenye wastani, kwa hiyo ile 680 inaivuruga vilevile. Wanaotumia R, `mad()` imeshazidisha 1.4826 yenyewe, msizidishe mara ya pili.

Ina udhaifu wake. Soko likitulia, wafanyabiashara watano kati ya tisa hukutajia 70 kamili, na hapo MAD inakuwa sifuri. Ukigawa kwa sifuri, Excel inakuletea `#DIV/0!`, na aliyesema 71 naye anaonekana mhalifu. Mimi nimeweka sakafu: ikishuka chini ya 2, natumia 2, kwa kuwa bei kupishana kwa shilingi elfu mbili sokoni ni jambo la kila siku.

Na usifute kitu kabla ya kupiga simu. Wiki nyingine mzee mmoja alinitajia 105 wakati mediani ni 70. Ilikuwa mbali karibu mara 8, nikampigia nikiwa na uhakika nimekosea tena kuandika.

"Hapana mwanangu, ni laki na tano. Hilo ni lumbesa. Wewe uliuliza gunia, hukuuliza limejazwaje."

Tangu siku hiyo fomu yangu ina safu ya kilo.