Uyoga wa mchwa au uyoga wa majanini? Kwa nini picha haitoshi

"Wakuu, mvua zimeanza huku Mwanza na nyuma ya nyumba yangu umeota uyoga mkubwa mweupe, karibu na kichuguu. Nikiweka picha hapa, kuna mtu anaweza kuniambia kama unalika?"

Mkuu, hata ukiweka picha kumi sitakuambia ule, kwa sababu niliwahi kumwambia mtu ale na nikajuta. Ilikuwa msimu wa vuli, miaka michache iliyopita. Mpwa wangu anayekaa Igombe alituma picha kwenye kundi la familia: uyoga wenye kofia pana kama sahani, nyeupe na yenye magamba ya kahawia katikati, shina nene lenye pete, na nyuma yake kichuguu kikionekana vizuri kabisa. Watu watatu tulijibu kwamba huo ni uyoga wa mchwa, nami nilikuwa miongoni mwao, tena kwa sauti ya mjuzi, kwa kuwa nimekua Sengerema nikichuma uyoga huo tangu utotoni. Waliupika kwa nyanya na karanga, wakala na ugali saa saba mchana. Kabla ya saa tisa wawili walikuwa wanatapika, kisha wakaanza kuharisha kiasi cha kushindwa kusimama, na usiku huo walilala hospitali wakiwa na dripu.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe na jembe. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kile kichuguu kilikuwa hatua kumi hivi kutoka pale uyoga ulipoota. Ni pembe ya kamera tu iliyovisogeza vikawa kama vimegusana. Uyoga wenyewe ulikuwa umeota kwenye majani mafupi, umejipanga kwa upinde kama sehemu ya duara. Uliobaki ni ule uliokomaa, ambao hawakuuchuma kwa kuwa ulionekana umechakaa. Nilipougeuza, mashavu yake, yaani vile vibapa vyembamba vilivyopangana chini ya kofia kama kurasa za kitabu, yalikuwa na rangi ya kijivu iliyoingia ukijani.

Ukijani huo ndio jina la uyoga wenyewe. Ni uyoga wa majanini, ambao wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites, na unajulikana kwa kutoa spora za kijani, yaani unga laini sana wa uzazi wake, jambo ambalo ni nadra sana kwa uyoga. Lakini spora hizo hazipo tangu mwanzo. Kofia inapofunguka, mashavu ni meupe safi, na rangi huja baadaye kadiri spora zinavyokomaa. Kwa hiyo katika umri ule ule ambao uyoga unapendeza kupikwa, alama yake kuu bado haijatokea, na kamera haiwezi kupiga picha ya kitu ambacho hakijakuwapo. Hata rangi inapoanza kutokea, simu hurekebisha weupe yenyewe kulingana na mwanga, na chini ya mwembe au juu ya majani mabichi kila kitu cheupe hupata ukijani kidogo. Mtu aliye upande wa pili wa skrini hana namna ya kujua ukijani upi ni wa uyoga na upi ni wa majani.

Sasa, ukitaka kujua ulicho nacho, anza chini ya ardhi. Usiung'oe uyoga wala usiukate kwa kisu, bali chimba kuuzunguka taratibu, ukiufuata mpaka unapoishia. Uyoga wa mchwa mkubwa una mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba, wakati mwingine unaoshuka zaidi ya urefu wa mkono, na ukiufuata utafika kwenye sega la mchwa, lile bonge laini lenye matundu ambamo mchwa hulima ukungu wao. Ule wa Igombe ulikuwa na shina lililovimba kidogo chini na kuishia hapo hapo, sentimeta chache tu kutoka juu ya udongo. Kama yule kijana angechimba mmoja tu kabla ya kupiga picha, tusingekuwa na la kubishania. Nikiri hapa kwamba kipimo hiki kina mpaka wake: ule uyoga wa mchwa mdogo mdogo, unaotapakaa kwa mamia juu ya udongo, hauna mzizi mrefu, kwa hiyo usikitumie kuuhukumu.

Kuchimba kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Jamii ya Amanita, ambayo ndani yake mna uyoga unaoua, mara nyingi huwa na kikombe au mfuko wa utando unaokumbatia sehemu ya chini ya shina, na kikombe hicho hufukiwa na udongo. Anayekata kwa kisu usawa wa ardhi huacha ushahidi shimoni, kisha hupiga picha ya uyoga msafi usio na kasoro.

Kipimo cha pili ni spora, nacho kinahitaji usiku mmoja. Chukua kofia iliyokwisha kufunguka kabisa, kata shina, ilaze mashavu yakiangalia chini juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi, dondoshea tone la maji juu ya kofia, kisha ifunike kwa bakuli ili upepo usipeperushe chochote. Asubuhi utakuta unga umechora mistari ya mashavu. Usome kwa mwanga wa mchana, si wa taa. Uyoga wa mchwa hutoa unga wenye rangi ya waridi iliyofifia au ya malai, na ule wa majanini hutoa wa kijani kilichofifia. Unga ukiwa mwembamba, ukusanye kwa wembe uwe rundo dogo ndipo rangi ijitokeze. Kofia changa haitatoa kitu, na karatasi tupu haimaanishi kwamba uyoga ni salama.

Pete niitaje kwa ufupi tu. Ile ya Igombe ilikuwa inapanda na kushuka kwenye shina kama bangili, jambo ambalo lilinishtua nilipoligusa, na ambalo picha isingelionyesha kamwe. Hata hivyo upo uyoga mwingine usio na madhara wenye pete ya namna hiyo, kwa hiyo pete peke yake haihukumu. (Na hoja ya kwamba funza wameula kwa hiyo unalika, niliisikia siku hiyo hiyo kwa jirani, ilhali uyoga ule uliowalaza watu hospitali ulikuwa umejaa funza.)

Unga mweupe nao usikufurahishe, maana Amanita hutoa unga mweupe. Hatari yake haifanani na ya Igombe: sumu ya ile inayoua haiharibiwi na moto wa jikoni, na dalili zake kwa kawaida huchelewa saa sita au zaidi baada ya kula. Kisha kutapika hupungua, mgonjwa hudhani amepona, huku ini likiendelea kuharibika. Kwa sababu hiyo, aliyekula na kuumwa apelekwe hospitali bila kungoja, na mabaki ya uyoga, hata maganda, yaende naye. Anayetapika mapema naye asihesabiwe kuwa amesalimika na ule wa kuchelewa, kwani sufuria moja inaweza kuwa na aina mbili. Kwenye ua ule ule wa Igombe, upande wa pili wa kichuguu, nilichimba uyoga wa mchwa halisi, mzizi wake ukiwa mzima mpaka segani.