Kadi ya besdei ya mtu wa Simba, Kaa na Mashuke

"Besti yangu jua lake liko Simba, mwezi Kaa, nyota inayochomoza Mashuke. Nimwandikie nini kwenye kadi?"

Dada, kwanza muulize mamake alizaliwa saa ngapi, maana nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya kama masaa mawili, na mtu wa jua Simba akiwa na Mashuke inayochomoza basi alizaliwa asubuhi, jua limeshatoka. Ukiambiwa usiku, hiyo Mashuke siyo.

Ikishakaa sawa, usiandike "wewe ni Simba jasiri", hiyo inamfaa kila mtu wa Simba. Anza na Mashuke kwa sababu ndio sura watu wanayoiona mwanzo, halafu jua, ule moto wake, mwezi uweke mwisho kwani ndio moyo wa ndani na wewe besti ndo unaujua. Na kila nyota igeuze kuwa kitu ulichomwona akifanya kweli. Mimi ningeandika hivi:

"Siku ya kwanza nilidhani unaringa, umekaa kimya unanyoosha kola yangu. Kumbe ukicheka chumba kizima kinageuka kukutazama. Ila mimi nakupenda zaidi yule wa usiku, anayepiga simu kuuliza kama nimekula, na anayelia chooni halafu anarudi na uso umeoshwa. Heri ya kuzaliwa, wangu."

Hapo kwenye kulia, kama ni siri yenu na kadi itasomwa mbele za watu, toa, watu wa mwezi Kaa wanaumia wakianikwa.