Usiseme nyota imeraruliwa kabla hujaangalia rangi yake

Darubini ya ZTF iliyoko Palomar, California, hupiga picha za anga usiku, ikalinganisha kila picha mpya na ile ya zamani, kisha ikatoa taarifa kwa kila kilichobadilika. Usiku mmoja tu unaweza kuleta taarifa mamia ya maelfu. Nyingi ni asteroidi, nyota zinazobadilika mwanga na supanova. Ndani ya rundo hilo, mara chache sana, kuna mwanga wa nyota iliyosogelea shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi yake ikararuliwa. Nimekuwa nikizipitia taarifa hizi kupitia tovuti ya Lasair, ambayo iko wazi kwa yeyote, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: unaitofautishaje nyota iliyoraruliwa na supanova ya kawaida?

Jibu langu ni kwamba uangalie rangi, na uendelee kuiangalia kwa wiki kadhaa. Mahali pa tukio panakusaidia kuchuja tu. Kweli, mwanga lazima utoke kwenye kitovu cha galaksi, kwa kuwa ndiko shimo jeusi lilipo. Lakini chukua galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 215. Nusu sekunde ya tao, kipimo kidogo ambacho picha za ZTF hukipata kwa taabu, ni sawa na miaka ya nuru 500 hivi kule. Supanova iliyolipuka miaka ya nuru 300 kutoka kwenye shimo itaonekana iko katikati kabisa. Kwa hiyo kitu kikiwa nje ya kitovu, kiache. Kikiwa kwenye kitovu, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Ili rangi ikueleze kitu, inabidi ujue kinachotokea kule. Mvutano wa shimo jeusi ni mkali zaidi upande wa nyota ulio karibu nalo kuliko upande wa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo ile ile inayofanya bahari ijae na kupwa kwa sababu ya mwezi, isipokuwa hapa ni kubwa kiasi kwamba nyota inashindwa kujishikilia. Umbali wa hatari unaupata kwa fomula hii:

```
r = R × (M / m)^(1/3)
```

R ni nusu kipenyo cha nyota, m ni uzito wake, na M ni uzito wa shimo. Weka jua letu, lenye nusu kipenyo cha kilomita 700,000, mbele ya shimo lenye uzito wa jua milioni moja. Kipeuo cha tatu cha milioni moja ni 100, kwa hiyo nyota inararuka ikifika kilomita milioni 70. Mpaka wa shimo lenyewe, ule ambao ukivukwa hakuna kurudi, uko kilomita milioni 3 tu kutoka katikati. Maana yake nyota inararuka ikiwa bado nje, na sisi tunaona.

Baada ya hapo karibu nusu ya gesi ya nyota inatupwa mbali isirudi tena. Nusu nyingine inavutika kuwa utepe mrefu na kuanza kurudi kuelekea kwenye shimo, ile ya mbele ikitangulia na ile ya nyuma ikichelewa. Kwa jua na shimo la uzito huu, gesi ya kwanza inarudi baada ya siku 41 hivi, na nyingine inaendelea kumiminika kwa miezi na hata miaka. Hapo ndipo rangi inapopata maana. Supanova ni mlipuko mmoja: gesi inatanuka, inapoa, na mwanga unahama kutoka buluu kwenda wekundu ndani ya wiki chache. Nyota iliyoraruliwa ina chanzo kinachoendelea kulishwa, kwa hiyo inabaki na joto kali, kwa kawaida kati ya kelvini 10,000 na 40,000, hata mwanga wake unapofifia.

Kwenye skrini utaona nukta za rangi mbili, moja kwa kichujio cha g (kijani) na nyingine kwa r (chekundu). Toa thamani ya r kwenye ile ya g. Kumbuka wanaastronomia hupima mwangaza kinyumenyume, namba ndogo ndiyo mwanga mwingi. Tofauti ikiwa karibu na sifuri au chini yake, kitu ni cha buluu. Supanova ya aina ya Ia nayo inaweza kuwa hivyo inapofika kileleni, ndiyo maana picha ya siku moja haitoshi. Rudi baada ya mwezi. Kwenye supanova nukta za g zitakuwa zimezama chini sana ya zile za r. Kwenye nyota iliyoraruliwa, mistari miwili itakuwa inashuka pamoja, bega kwa bega.

Hapa kuna mtego mmoja unaonasa wengi. Hakikisha namba unazosoma ni za tofauti kati ya picha mpya na ya zamani, si za mwanga wote wa kitovu. Galaksi nyingi zinazorarua nyota zina nyota za zamani zenye rangi ya wekundu, na mwanga huo ukichanganyika na tukio, buluu yote inapotea. Vumbi nalo hufanya hivyo hivyo, na kiasi cha vumbi la galaksi yetu kuelekea upande huo lazima kiondolewe kwenye hesabu kwanza.

Mfano ninaopenda kuwaonyesha watu ni AT2019qiz, kwa sababu uko karibu na data zake ni nyingi. ZTF iliugundua Septemba 2019 kwenye kitovu cha galaksi iliyo katika kundinyota la Eridanus, umbali ule ule wa miaka ya nuru milioni 215. Ulipanda hadi kileleni mwanzoni mwa Oktoba, na kwa kuwa ulinaswa mapema, darubini nyingi zilipata kuutazama ukiwa bado unapanda. Jotoridi lilikuwa kelvini 20,000 hivi karibu na kilele, likashuka kidogo hadi takriban 15,000, kisha likatulia hapo huku mwanga ukiendelea kupungua. Supanova hazitulii namna hiyo. Spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, zikamaliza ubishi: mistari ya hidrojeni na heli ilikuwa mipana mno, ishara ya gesi inayokwenda kwa kasi ya kilomita 10,000 hivi kwa sekunde. Hesabu ya timu iliyoongozwa na Matt Nicholl ilitoa nyota yenye uzito unaokaribia ule wa jua, na shimo lenye uzito wa jua zaidi ya milioni moja.

Kuna jambo la kushangaza kwenye namba hizo. Gesi inayozunguka shimo kwa karibu hivyo ilipaswa kuwa na joto la mamia ya maelfu ya kelvini na kung'aa zaidi kwa eksirei. Kelvini 20,000 ni baridi mno. Data za AT2019qiz zilionyesha kwamba sehemu ya gesi ilikuwa inapulizwa nje na kujenga pazia, na pazia hilo linameza eksirei za ndani na kutoa upya nishati hiyo kama urujuanimno na mwanga wa kawaida. Wapo wanaoona kwamba kwenye matukio mengine sehemu kubwa ya mwanga inatokana na utepe wa gesi kujigonga wenyewe unapozunguka. Mjadala huo haujafungwa, na mimi naona huenda yote mawili yanatokea kwa viwango tofauti.

Kitu ambacho nisingekitegemea kama ushahidi ni ule mteremko maarufu wa muda kwa kipeo cha -5/3. Nadharia inasema muda ukiongezeka mara 8, gesi inayorudi hupungua mara 32. Ni hesabu nzuri, lakini inataka ujue siku nyota iliporaruliwa, na siku hiyo hatuioni, tunaona kilele tu. Ukiwa huru kusogeza siku ya mwanzo utakavyo, karibu mwanga wowote unaofifia utauweka kwenye mstari huo. Nikiona mtu ametoa mchoro huo peke yake kama uthibitisho, namwomba rangi.

Baada ya rangi, pima galaksi. Rudi kwenye fomula ukaweke shimo lenye uzito wa jua milioni 100. Umbali wa kurarua unakuwa kilomita milioni 325 hivi, lakini mpaka wa shimo nao umefika karibu milioni 300. Shimo likizidi hapo, nyota kama jua inamezwa nzima bila kutoa mwanga wa kuonekana. Kwa hiyo galaksi kubwa sana ikikuletea mwako wa buluu, kuwa na shaka. ASASSN-15lh ya Juni 2015 ilitangazwa kuwa supanova yenye mwanga mkali kuliko zote zilizowahi kuonekana. Mwaka 2016 Giorgos Leloudas na wenzake wakasema hapana, ni nyota iliyoraruliwa, ingawa galaksi yake ni nzito na shimo lake linazidi uzito huo wa mpaka. Walijinasua kwa kusema shimo linazunguka kwa kasi, maana shimo linalozunguka huruhusu nyota kukaribia zaidi kabla ya kumezwa. Hoja ina nguvu, lakini kuna wanaobaki na supanova hadi leo.

Mwigaji mwingine ni shimo ambalo tayari lilikuwa likila gesi na likapandisha mwanga ghafla. Huyu humkamati kwa rangi, maana naye ni wa buluu. Mkamate kwa historia: fungua kumbukumbu za ZTF tangu 2018, na za darubini za ATLAS, uone kama kitovu hicho kilikuwa kikitetemeka mwanga miaka ya nyuma. Kama kilikuwa kimetulia kabisa, endelea. Kama kilikuwa kinapanda na kushuka, kiweke kando hadi spektra ije.

Na ukishathibitisha, usikifute kwenye orodha yako mwanga unapozama. Galaksi moja hupata tukio kama hili mara moja katika miaka 10,000 hadi 100,000, kwa hiyo hutasubiri la pili mahali hapo. Lakini la kwanza lenyewe linaweza kuwa halijaisha. Mwishoni mwa 2023 darubini ya Chandra ilielekezwa kwenye AT2019qiz, miaka 4 baada ya mwanga wake kufika kileleni, ikakuta mlipuko wa eksirei, na darubini nyingine kama NICER zilipofuatilia zikaona eksirei zikilipuka na kutulia, zikilipuka na kutulia, kila baada ya saa 48 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya nyota yametandaa kuwa sahani ya gesi, na kitu kingine, nyota ya pili au shimo jeusi dogo, kinaitoboa kila kinapopita kwenye njia yake. Kwa hiyo mimi huweka ukumbusho wa kila mwaka kwa kila tukio lililothibitishwa, nikaangalia kama kuna data mpya ya eksirei kwenye kumbukumbu za darubini ya Swift.