Bibi Mzaa Baba: Barua Niliyompelekea Mwalimu Mkuu Tuliporudi Kutoka Msibani

Mwalimu mkuu mmoja hapa Moshi aliwahi kuniambia, nikiwa nimesimama mlangoni pake kama mtoto aliyechelewa namba, kwamba katika shule yake bibi wa mwanafunzi anaweza kufa mara tatu kwa mwaka. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kikaratasi nilichokiandika mimi mwenyewe, kilichochanwa kwenye kaunta buku, chenye mistari miwili: mtoto hakuwepo shule wiki moja kwa sababu za kifamilia, naomba asamehewe.

Ule ulikuwa msiba wa baba mkwe, na aliyekosa shule alikuwa kijana wangu mkubwa. Kabla sijaitwa, alishasimamishwa mstarini pamoja na watoro. Nilikasirika sana siku ile. Lakini nilipokisoma tena kile kikaratasi nyumbani, nikaona kuwa hata mimi nisingekiamini. "Sababu za kifamilia" anaandika mzazi aliyempeleka mtoto sokoni Kiboriloni kuuza ndizi, anaandika aliyemwacha nyumbani alee mdogo wake, na anaandika aliyefiwa. Mwalimu ana rejista ya mahudhurio mbele yake yenye nafasi tano tupu, na anatakiwa aamue ni utoro au ni ruhusa.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, mama mkwe naye akafariki, kwao Mbinga. Safari hii ilimhusu binti yangu wa darasa la tano, na nilijua la kufanya.

Habari tuliipata Jumatatu usiku. Anayeijua njia ya Moshi hadi Mbinga anajua si safari ya kwenda na kurudi wikiendi. Unashuka Korogwe, Chalinze, Morogoro, unalala. Kesho yake unapanda Iringa, Makambako, Njombe, unaingia Songea usiku, na bado kuna kama kilomita 100 mbele. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, hapo hujazika.

Saa 4 usiku, huku baba watoto anapiga simu za nauli, nilimwandikia mwalimu wa darasa ujumbe: "Mwalimu, habari za usiku. Tumepata msiba, bibi yake mzaa baba amefariki leo jioni Mbinga. Tunasafiri kesho alfajiri pamoja na mtoto. Tunatarajia awe darasani Jumatatu tarehe 20. Barua namwachia jirani, ataileta asubuhi. Naomba umfikishie Mwalimu Mkuu." Nikaandika na barua yenyewe, maneno yale yale, nikampa mama wa jirani ambaye mwanawe anasoma hapo hapo. Hiyo ndiyo barua ya kwanza, na haihitaji kuwa ndefu. Kazi yake ni kuwa imefika shuleni kabla jina la mtoto halijaitwa mara ya pili bila jibu.

Kuna wazazi wanaotangaza msiba kwenye grupu la wasapu la darasa wakadhani wametoa taarifa. Utapata pole arobaini na michango ya rambirambi, lakini Mwalimu Mkuu hayumo kwenye grupu lile, na pole haziingii kwenye faili.

Sasa, tarehe 20 haikutimia. Tulizika Alhamisi, tukawa tumepanga kuondoka Jumamosi. Wazee wakasema hapana, Jumapili kuna kikao cha ukoo. Aliyewahi kufuatilia mirathi anaelewa: kikao ndicho kinachompendekeza msimamizi, na mahakamani utaulizwa muhtasari wake wenye sahihi za waliohudhuria. Baba watoto ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, asingeweza kuondoka. Na mimi nisingepanda basi peke yangu na watoto siku mbili. Nikamtumia mwalimu ujumbe mwingine Jumamosi hiyo hiyo kwamba tutachelewa hadi Jumatano. Ujumbe huo mfupi ndio uliookoa barua ya pili, kwa sababu bila huo ningekuwa mzazi aliyeahidi Jumatatu akatokea Jumatano na maelezo mkononi.

Nilikumbuka pia jambo la mtendaji. Shule nyingi hazikulazimishi kuleta uthibitisho, lakini zikiutaka, cheti cha kifo hutakuwa nacho ndani ya wiki moja, na kibali cha mazishi wenyewe wenye msiba hawatakuachia uondoke nacho. Kinachopatikana kwa urahisi ni barua fupi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji. Ofisi ilikuwa imefungwa, Jumamosi, lakini mtendaji yuko msibani kama kila mtu. Nilimkuta chini ya mkaratusi anakunywa uji. Akaomba karatasi, akaandika sentensi tatu juu ya goti lake, kisha akatoa muhuri mfukoni mwa koti, umefungwa kwenye leso, akaupulizia pumzi mara mbili kwa kuwa wino ulikuwa umekauka. Ukatoka umefifia upande mmoja lakini jina la kijiji linasomeka. Ukingoja hadi ufike Moshi ndipo uombe barua ile kwa simu, umeshachelewa.

Barua ya pili ndiyo barua hasa. Niliiandika Jumanne usiku tulipofika, nikaipeleka mwenyewe Jumatano asubuhi nikimsindikiza mtoto. Hii hapa, nimeondoa majina tu. Anwani yangu na tarehe vilikuwa juu kulia kama barua yoyote ya kiofisi.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ..........,
S.L.P. ..........,
MOSHI.

K.K. Mwalimu wa Darasa la V B

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: TAARIFA YA KUTOHUDHURIA SHULE KWA .......... (DARASA LA V B) KUANZIA TAREHE 14 HADI 21 MEI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Tarehe 13 Mei 2024 tulifiwa na bibi yake mzaa baba, aliyekuwa akiishi wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Tulisafiri naye tarehe 14, mazishi yakafanyika tarehe 16.

Katika barua yangu ya tarehe 13 nilieleza kuwa angerudi tarehe 20. Tulichelewa kwa siku mbili za masomo kwa sababu ya kikao cha ukoo kilichofanyika tarehe 19, na nilimjulisha mwalimu wa darasa kwa simu tarehe 18. Kwa jumla amekosa siku 6 za masomo.

Amekosa pia jaribio la Hisabati la tarehe 17. Naomba apewe nafasi ya kulifanya kabla ya mtihani wa kufunga muhula.

Naambatisha barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Sahihi, jina kamili, namba ya simu.

Niseme kidogo kuhusu mambo ndani yake ambayo watu huniuliza.

La kwanza ni huyo bibi. Kiswahili chetu kina ukarimu mwingi katika undugu. Mama wa mama ni bibi, dada wa babu ni bibi, na mzee wa jirani aliyekulea ni bibi pia. Wote ni wa kweli na wote wanastahili kuzikwa, lakini mwalimu akisoma "bibi" mwezi Machi na "bibi" mwezi Agosti anaona mtu mmoja amekufa mara mbili. Andika bibi mzaa baba, au bibi mzaa mama, au shangazi yake baba. Kama ni baba mkubwa, sema ni kaka yake baba au ni binamu yake. Maneno mawili yanaondoa ubishi wote.

La pili ni hesabu. Msibani nilikuwa nasema "wiki moja", na kwa kalenda ya nyumbani ni kweli. Kwa rejista ya shule siyo. Jumanne hadi Jumanne, ukitoa Jumamosi na Jumapili, ni siku 6. Mwalimu akihesabu akapata 6 na barua yako inasema wiki, yaani 5, ile siku moja inabaki bila mwenyewe. Andika tarehe ya kwanza na ya mwisho aliyokosa, kisha idadi ya siku za masomo. Usiandike tarehe ya kurudi mahali pa tarehe ya mwisho. Nimeona wengi wanachanganya hapo.

Wengine huuliza kama waandike "ombi la ruhusa" au "taarifa". Barua ya kabla ya safari ni ombi, ya baada ya safari ni taarifa. Kuomba ruhusa ya jambo lililokwisha kunamfanya Mwalimu Mkuu ajiulize kwa nini hukuomba mapema. Na ukumbuke mtoto wa sekondari barua yake inakwenda kwa Mkuu wa Shule. Mwalimu Mkuu ni wa msingi. Hawapendi kuchanganywa, hata wakicheka.

Ugonjwa uliomuua marehemu sikuuandika, wala gharama, wala jinsi mtoto alivyolia. Hayo ya mwisho nilimwambia mwalimu wa darasa pembeni, kwa mdomo, kwa sababu binti yangu alikuwa akikaa na bibi yake kila likizo ya Desemba na sikutaka aulizwe mbele ya wenzake "ulikuwa wapi". Mwalimu alinielewa. Alimkalisha karibu na msichana mwenye mwandiko mzuri ili anakili aliyokosa.

Nilikwenda na nakala mbili za barua. Moja ikabaki ofisini, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa nikarudi nayo. Nyumbani naihifadhi kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki.

Mwalimu Mkuu alikuwa yule yule wa miaka mitatu nyuma. Aliisoma barua akiwa amesimama, akafika kwenye "bibi yake mzaa baba", akanitazama juu ya miwani.

"Pole sana, mama. Kwa hiyo mzaa mama bado yupo?"

"Yupo, mwalimu. Yuko Rombo, ana nguvu zake."

Akafungua faili la mtoto, akaandika kitu pembeni kwa penseli, akalifunga.

"Tumwombee," akasema. "Rombo ni karibu. Huyo sitakupa siku sita."