Mfumo Ukikutoa Katikati ya Kazi, Uliza Kwanza Nani Mwingine Ameingia

Juzi dada mmoja wa duka la vipuri aliniandikia kwamba mfumo wao wa mauzo unamtoa kila mara, na hata baada ya kubadilisha ruta hali ni ileile. Nikamuuliza akaunti hiyo wanaitumia wangapi. Akajibu: wanne. Nikajua tatizo papo hapo, kwa sababu liliwahi kuniponza mwezi mzima.

Wakati huo nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya utalii Arusha. Tulikuwa watatu, mimi, kaka wa stoo na binti wa mapokezi, na wote tuliingia kwenye mfumo wa hesabu kwa jina moja na neno la siri moja. Asubuhi moja nilikuwa naandaa ankara ndefu, mistari kumi na minne, bei za hifadhi na hoteli. Nikabonyeza "Save". Ukurasa ukaruka, ikabaki fomu ya kuingilia na maneno haya: "Session expired. Please log in again." Kazi yote ikapotea. Nikaingia tena, nikaanza upya, na baada ya dakika kumi nikatolewa tena.

Nililaumu mtandao, nikanunua bando la simu. Kisha nikaamini tumedukuliwa, nikabadilisha neno la siri bila kumwambia mtu. Wenzangu wakajaribu lile la zamani mara kadhaa, akaunti ikafungwa, na wageni walikuwa mapokezi wanasubiri risiti. Bosi aliniambia mbele ya watu kwamba sijui kazi. Sijalisahau neno lile mpaka leo.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ukiingia, seva inaiandalia brauza yako namba ndefu ya muda, na kila unapobonyeza kitu brauza inaionyesha namba hiyo kama tiketi. Mifumo mingine inaruhusu tiketi moja tu kwa kila akaunti. Mwenzako akiingia kwenye kompyuta nyingine, anapewa tiketi mpya na yako inafutwa. Ukurasa ulio mbele yako hautikisiki, kwa sababu umeshapakiwa, kwa hiyo unaendelea kuandika bila habari. Unapobonyeza "Save" ndipo seva inaikataa tiketi yako. Ukiingia tena, unamtoa mwenzako. Naye anaingia, anakutoa wewe. Sisi watatu tulivutana hivyo kila siku, kila mmoja akidhani bahati mbaya ni yake peke yake.

Nililigundua kwa daftari. Siku mbili niliandika saa niliyotolewa, nikamwomba kaka wa stoo aandike saa anazoingia. Yeye aliingia saa 4:10, mimi nikatolewa 4:12. Yeye 5:35, mimi 5:36. Ndiyo maana yale maneno ya kwenye skrini yanapotosha: unadhani muda wako umekwisha. Muda ukiisha kweli, mara nyingi ni baada ya kukaa muda mrefu bila kubonyeza kitu kinachofika kwenye seva, hata ukiwa peke yako ofisini. Ukitolewa dakika chache tu baada ya kubonyeza kitu, mtafute mtu.

Jaribio lake ni jepesi. Ingia kwenye kompyuta, kisha ingia kwa akaunti hiyohiyo kwenye simu. Rudi kwenye kompyuta, upakie ukurasa upya. Ukikuta fomu ya kuingilia, umepata jibu. Usijaribu kwa vichupo viwili vya brauza moja, kwa sababu hivyo vinatumia tiketi moja na havitoani.

Tabia hiyohiyo ya vichupo kutumia tiketi moja inaweza kuokoa kazi yako. Ukiwa na fomu ndefu na unashuku umeshatolewa, usibonyeze "Save". Fungua kichupo kipya, ingia humo, kisha rudi kwenye kile cha zamani na uhifadhi. Mifumo mingine inakubali, ila mingine hukagua pia alama ya siri iliyofichwa ndani ya fomu yenyewe na kukataa, hivyo nakili maandishi yako pembeni kwanza.

Lakini usiishi kwa ujanja huo. Kila mtu awe na akaunti yake, stoo aone stoo, mapokezi aone risiti. Kama ada ni ya kila mtumiaji, lipeni. Mkishindwa, pangeni zamu, na anayemaliza ahifadhi na atoke kabla mwenzake hajaingia. Wenye ofisi nawaambia bila kuwaficha: mnapowapa watu watatu jina moja, mnawakosanisha wafanyakazi wenu. Mwezi ule ankara moja ilifutwa. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha jina moja tu, letu sote, nami nikaulizwa kwa sababu ndimi mhasibu. Sikuifuta, wala sikuwa na njia ya kuthibitisha.

Dada, fanya jaribio la simu leo jioni mkifunga duka, wote wanne mkiwepo.