Kupima mtaala fiche: nani anachota maji, nani anaulizwa "kwa nini"

*Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi jirani na mwalo, wilaya ya Ilemela. Hatuna kanuni yoyote inayobagua wavulana na wasichana. Lakini darasa la sita wasichana hawanyooshi mikono kwenye hisabati, na mvulana ukimpa ufagio anaona umemdhalilisha. Mthibiti ubora ametuambia huo ni mtaala fiche, tuufanyie kazi. Naanzia wapi na kitu ambacho hakijaandikwa?*

Anzia kwenye kazi za asubuhi, Mwalimu, ndipo uingie darasani. Mtaala fiche ni yale ambayo watoto hujifunza kutokana na mazoea ya shule tu, na kanuni zake hazijaandikwa, ila zinatekelezwa kila siku kwa saa zilezile, kwa hiyo zinahesabika. Philip Jackson, mtafiti wa Marekani aliyelipa jambo hili jina mwaka 1968, naye alikuwa akiangalia vitu vidogo vya kila siku: watoto wanavyosubiri, wanavyopanga mstari, nani anasifiwa na kwa lipi.

Chukua daftari, uandike kwa wiki moja nani anachota maji, nani anafagia, nani anadeki ofisi ya walimu, nani anagonga kengele na nani anaongoza mstarini. Usimuulize mwalimu wa zamu, maana atakuambia utaratibu unavyotakiwa kuwa. Simama uangalie mwenyewe. Kisha andika dakika ambayo mtoto wa mwisho mwenye ndoo anakaa kwenye dawati lake. Wachota maji wakichelewa kipindi cha kwanza kwa dakika 15 kila siku, kwa siku tano ni dakika 75, karibu vipindi viwili vya dakika 40. Sasa tazama ratiba: shule nyingi huweka hisabati asubuhi. Kama wenye ndoo ni wasichana, basi wanakosa mwanzo wa somo, pale mwalimu anapoeleza kanuni mpya, halafu tunashangaa kwamba hawanyooshi mikono.

Wiki moja haitoshi mahali penu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na shule za kandokando ya ziwa zinajua siku hizo mahudhurio yanavyoyumba: wavulana wengine wako majini au wanalala mchana, na wasichana wengine wako mwaloni asubuhi wakisaidia kuanika. Pima wiki moja ya giza na nyingine ya mbalamwezi. Ukipima moja tu, unaweza kudhani umeona tabia ya walimu kumbe umeona kalenda ya uvuvi.

Darasani, kaa nyuma na mchoro wa madawati. Kila swali la mwalimu weka alama kwenye nafasi ya mtoto aliyejibu: "K" kwa swali la kukumbuka, "S" kwa swali la kutoa sababu au kueleza njia. Mtoto akikosea, andika kilichofuata. Ameambiwa "hebu fikiri tena," au ameambiwa "kaa, nani amsaidie?" Hapo ndipo somo lenyewe la siri lilipo. Anayeambiwa afikiri tena anaelewa kwamba mwalimu anamtarajia aweze, na anayeambiwa akae anaelewa kinyume chake, hata kama sauti ya mwalimu ilikuwa ya upole.

Tuchukue darasa la mfano lenye watoto 60, wasichana 32 na wavulana 28. Katika kipindi kimoja yameulizwa maswali 40, wavulana wakajibu 22 na wasichana 18. Kwa idadi yao wasichana walistahili kama 21, kwa hiyo pengo si kubwa, na mwalimu atasema kwa nia safi kwamba anauliza wote sawa. Tenganisha sasa herufi. Maswali ya "S" yalikuwa 12, na kati ya hayo 10 yamekwenda kwa wavulana. Wasichana wameulizwa "saba mara nane ni ngapi?" na wavulana wameulizwa "umepataje?" Jumla ingekuficha jambo hilo. Gawanya kwa waliohudhuria siku hiyo, si kwa walioandikishwa.

Mwalimu anayejua anaangaliwa hujirekebisha siku ya kwanza na ya pili, kwa hiyo hesabu za siku hizo ziweke kando. Na usipeleke matokeo ofisini mbele ya wote. Mpe mwenye darasa mchoro wake auone peke yake. Wengi hubadilika kwa kuuona tu.

Dawa ya darasani ni kusubiri. Mary Budd Rowe alipima madarasa ya Marekani miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri jibu kama sekunde moja tu. Walipofikisha sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Mwombe mwalimu ahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kutaja jina, na asimtaje aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Kwenye kazi za mikono kuna mitego miwili. Wa kwanza ni adhabu. Shule ikiamua "kuanzia leo wavulana wafagie," mara nyingi wanaofagia ni waliochelewa namba, na hapo umewathibitishia kwamba ufagio ni fedheha. Kazi iliyo kwenye zamu isitolewe kamwe kama adhabu, kwa mtoto yeyote. Nadhani hili ndilo linaloeleza wavulana wenu kuliko lingine lolote.

Mtego wa pili ni daftari la mahudhurio. Mara nyingi wavulana huandikwa kwanza, wasichana wakafuata. Ukigawa namba 1 hadi 10 kundi la kwanza, 11 hadi 20 la pili, umepata makundi ya jinsia moja na hali imebaki ilivyokuwa. Ruka kwa sita: kundi la kwanza ni namba 1, 7, 13, 19 na kuendelea, la pili 2, 8, 14, 20. Kwa darasa letu la mfano utapata makundi sita ya watoto kumi, kila moja na wavulana wanne au watano. Kazi zizunguke kila Jumatatu: maji, darasa, ofisi, uwanja na miti, vyoo, kengele na mstari. Kwenye vyoo tu kundi ligawanyike, kila jinsia isafishe vya kwake. Maji yachotwe baada ya vipindi, yahifadhiwe kwa kesho yake. Hilo pekee linarudisha zile dakika 75.

Angalia pia mifano ya ubaoni. Kama kila mwenye mitumbwi na injini ni Masanja, na kila anayepanga mafungu ya nyanya ni mama yake, badilisha. Wanawake wanaonunua dagaa kwa magunia mwaloni Kirumba watoto wanawaona kila siku.

Kujua kama mawazo yanabadilika, wape watoto karatasi isiyo na jina. Waandike mwenzao mmoja anayefaa kuongoza kundi la sayansi, mmoja wa kuwa katibu na mmoja wa kusimamia usafi. Hesabu kwa jinsia, uweke kumbukumbu, urudie baada ya wiki nane. Karatasi usiwasomee, maana majina yatageuka kejeli.

Wazazi wengine watakuja kulalamika kwamba mtoto wao wa kiume anadekishwa. Peleka ratiba ya zamu kwenye kamati ya shule kabla haijaanza, ikiwa na zile dakika zilizopotea. Mzazi anayebishana na usawa mara nyingi habishani na vipindi viwili vya hisabati ambavyo binti yake alikuwa akivikosa kila wiki.